Kilo mbili za sukari kwa Mzee wa Tirinyi

Wengi mmetuuliza kwa nini mwezi wa saba tulitoa picha za sisi tumesimama ndani ya matope tukiwa na mundu mkononi. Kuna ndugu mmoja wa shirika alituandikia akiuliza kama ni mradi mpya wa kilimo. Si mradi jamani. Tulikwenda kusema asante kwa mtu, na asante yenyewe ikachukua siku mbili.

Ilianza mwezi wa tano. Dada yetu mmoja wa kikundi aliitwa kwenye usaili wa chuo cha ufundi Mbale, saa mbili asubuhi, na barua ilisema atakayechelewa hataingia. Yeye ni wa Uvira, yuko Uganda miaka sita, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuitwa mahali kwa jina lake. Tukaamua asiende peke yake. Tukawa watu watano, tukapanda teksi Jinja jioni ya kuamkia siku hiyo ili tulale kwa rafiki Mbale. Nauli ilikuwa 20,000 kila mmoja.

Kwa ambao hamjapita huko: kutoka Jinja mnafika Iganga, mkitoka Iganga kidogo mnafika Nakalama, na hapo barabara inagawanyika. Ya kulia inaenda Bugiri na Tororo. Ya kushoto ndiyo ya Tirinyi, inapita Namutumba, inavuka bonde la mto Mpologoma, halafu Tirinyi, Budaka, Kamonkoli, Mbale. Ni kama kilomita 140 zote, na ni fupi kuliko kuzunguka Tororo. Ubaya wake ni kwamba ukiharibikiwa kule bondeni umeharibikiwa kweli. Kushoto mpunga na mafunjo, kulia mpunga na mafunjo, na jua likizama wanabaki mbu tu.

Tulipita Namutumba vizuri. Kabla ya kufika kwenye maji tukasikia harufu ya mpira unaoungua. Taa nyekundu yenye alama ya betri ikawaka kwenye dashibodi. Dereva akaigonga kwa kidole, akasema betri ni mpya, taa inadanganya. Akaendelea. Dakika chache baadaye mshale wa joto ukapanda mpaka juu, mvuke ukaanza kutoka chini ya kiti cha mbele, maana teksi hizi injini yake iko chini ya viti. Tukasimama. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu jioni.

Mnajua desturi. Teksi ikifa njiani, konda anasimamisha nyingine, anawauza abiria kwa konda mwenzake, yaani anamlipa sehemu ya nauli iliyobaki ili awafikishe. Lakini teksi inabeba watu 14, na jioni zote zinazopita zimejaa. Alipata nafasi za watu watatu, wakapewa akina mama wenye watoto, na hapo tuliona sawa kabisa. Basi moja likapita bila hata kupunguza mwendo. Tukabaki watu 11, giza linaingia, na dada yetu ameishika barua yake kama mtu anayeshika mtoto.

Dereva alikuwa ameshachukua kitambaa afungue kifuniko cha rejeta. Ndipo mtu akapiga kelele kutoka nyuma: "Wewe! Acha! Unataka kuungua uso?"

Alikuwa mzee anayesukuma baiskeli, amefunga jembe na majani ya ng'ombe nyuma. Alisema kwa Kiswahili, na sisi tukageuka wote kwa pamoja. Watu wanaoishi Uganda wanajua kwa nini. Serikali ilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi, baraza la mawaziri lilipitisha mwezi wa saba 2022, lakini kijijini watu wengi wa umri mkubwa bado wanakisikia kama lugha ya askari. Ukikisema dukani, mama anakuangalia mikono kwanza. Huyu mzee alikisema kama mtu anayekipenda. Baadaye tulijua alikuwa tanboi wa malori ya Mombasa, halafu dereva, miaka mingi, mpaka mgongo ukakataa. Sasa analima mpunga na anatengeneza baiskeli kwenye senta.

Alimuuliza dereva swali moja tu: "Taa ya betri iliwaka kabla ya joto kupanda, au baada?" Dereva akasema kabla. Mzee akasema basi si betri na si rejeta, ni mkanda wa feni. Akatueleza sisi vijana tuliokuwa tunachungulia. Mkanda ule unazungusha vitu kwa pamoja: feni, pampu ya maji, na altaneta inayochaji betri. Ukikatika, altaneta inaacha kuchaji, ndiyo maana taa inawaka. Pampu nayo imeacha kusukuma maji, kwa hiyo baada ya dakika chache injini inachemka. Taa ndiyo ilikuwa inasema ukweli, dereva angesimama pale pale ingekuwa kazi ndogo.

Viti vikafunuliwa, na kweli, mkanda ulikuwa vipande.

Konda alikuwa amechota maji ya bondeni kwenye jerikeni anataka kumwagia injini ipoe haraka. Mzee akamzuia na huyo. Chuma cha moto ukikimwagia maji baridi kinapasuka, alisema, na kichwa cha injini kikipasuka gari hili mtalivuta kwa kamba mpaka Mbale. Akasema tukae chini, tungoje kama saa nzima, mpaka uweze kuweka kiganja juu ya kifuniko bila kukitoa. Halafu unaweka kitambaa, unazungusha kidogo mpaka kisimame mara ya kwanza, unaacha pumzi itoke, ndipo unafungua. Tunayaandika haya kwa sababu wengi wenu mnasafiri na mabasi yaliyochoka, na siku moja mtamwona dereva na kitambaa mkononi. Rudini nyuma, mwambieni angoje.

Mkanda wa akiba haukuwepo. Maduka ya spea Tirinyi yalikuwa yamefungwa. Mzee akachukua vile vipande, akavikunja vizuri mfukoni, akasimamisha boda, akaondoka na konda. Baiskeli yake akatuachia sisi. Mtu hajui hata majina yetu, ametuachia baiskeli na jembe.

Walirudi karibu saa mbili usiku. Alikwenda kumgongea mwenye duka nyumbani, mama mmoja jirani yake. Wakalinganisha vipande na mikanda ya dukani kwa upana na kwa mikunjo ya ndani, maana upana ukikosea mkanda hauketi kwenye puli, unaruka. Urefu wakapima kwa kamba. Uliopatikana ulikuwa mrefu kidogo, akasema huo ni bora kuliko mfupi, kwa sababu altaneta inaweza kuvutwa nje ikakaza, lakini mfupi hauingii kabisa. Tukamulika kwa tochi za simu. Alilegeza nati mbili kwa spana, akavalisha mkanda, akaivuta altaneta kwa kutumia mpini wa jembe lake, dereva akakaza. Halafu akabonyeza katikati ya mkanda kwa dole gumba. Unatakiwa uzame kama unene wa kidole kimoja, alisema. Ukizama zaidi utateleza na kupiga kelele, ukikataa kuzama utaua beringi za pampu. Maji yakawekwa polepole. Injini ikawaka, taa ikazima.

Alimwambia dereva asimame Budaka aubonyeze tena, kwa sababu mkanda mpya unavutika. Dereva alisimama, na kweli ulikuwa umelegea.

Sasa sehemu ambayo wakati ule tuliiona nusu tu. Mkanda ulikuwa 35,000. Dereva hakuwa na hela, alisema zote zimeishia kwenye mafuta. Kumbe mama wa duka alitoa mkanda kwa mkopo, na jina lililoandikwa kwenye daftari lake ni la mzee. Dereva alichukua namba ya simu ya mama, akaapa kwamba kesho atatuma. Sisi tulichanga 10,000 tukamnyooshea mzee. Akaisukuma mkono. "Nendeni, mtoto ana mtihani." Tukasema asante, aksanti sana, webale, kila lugha tuliyokuwa nayo. Simu yake ilikuwa imezima chaji, namba hatukupata. Tulifika Mbale saa nne usiku.

Dada yetu aliingia kwenye usaili saa mbili kasoro.

Hakuchukuliwa. Tunalisema hapa mapema kwa sababu kila tukisimulia, watu wa mashirika wanauliza matokeo, na nyuso zao zinabadilika kidogo wakisikia. Nafasi zilikuwa chache, walioomba walikuwa wengi. Lakini alikaa kwenye kile kiti, akaulizwa maswali, akajibu. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema wiki mbili baadaye: jamani, yule mzee hatujamrudia.

Hapo tukaanza kubishana. Wengine walisema tulishamshukuru, basi. Lakini sisi wakimbizi tuna tatizo na hili neno, si mnajua. Asante yetu huwa inawekewa dole gumba kwenye karatasi. Unapokea blanketi, unasaini. Unapokea sabuni, unasaini. Aliyetoa yuko mbali, hutamwona, na karatasi inakwenda kwake badala yako. Mtu akikusaidia bila karatasi unabaki huna njia ya kumaliza jambo. Na hapa tunapoishi watu wana adabu yao ya kushukuru. Busoga na Buganda ukimkuta mtu analima shamba lake mwenyewe unamwambia gyebaleko, unamshukuru kwa kazi ambayo haikuhusu. Ukifika Mbale kwa Wagisu utasikia wanyala. Na mtu aliyekutendea jambo kubwa, unamfuata kwake. Humfuati mikono mitupu.

Kutuma pesa kwa simu tulifikiria. Lakini namba hatuna, na hata kama tungekuwa nayo, hela ya simu inafika kama ujumbe wa kampuni. Haikai kwenye kiti, haijui hali ya mgongo wake.

Kumtafuta mtu usiyemjua jina si jambo dogo ukiwa mgeni. Fikiria vijana watano wenye lafudhi ya Kongo wanashuka kwenye senta wanauliza, "Tunamtafuta mzee mmoja mwenye baiskeli." Watu watafikiri ni deni, au ni kesi, au mbaya zaidi. Kwa hiyo hatukuanza kwa kuuliza dukani. Tulianza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji. Tulimpa salamu, tukatoa vitambulisho vyetu vya mkimbizi vya Ofisi ya Waziri Mkuu, tukaeleza tumetoka wapi na tutarudi saa ngapi. Sheria ya wakimbizi ya 2006 inaturuhusu kutembea nchini, hilo tunalijua, lakini kujua sheria hakumtoi mtu wasiwasi usiku. Mwenyekiti akiwa anakujua, kijiji kinakujua. Alituandika kwenye daftari lake, akatuuliza mara mbili kama kweli hatumdai huyo mzee kitu. Tulipomwambia habari ya mkanda wa feni akacheka. "Huyo! Mwendeeni kwa mama wa duka kwanza, yeye ana habari zenu."

Tulikuwa tumebeba sukari kilo mbili, miche miwili ya sabuni, mkate, na majani ya chai. Hivyo ndivyo tulivyoshauriwa na mama mwenye nyumba wetu Jinja, alisema usipeleke kitu cha kumfanya mtu aone ni malipo.

Mama wa duka alitukaribisha vizuri, akatuuliza: "Dereva wenu hajambo?" Tukasema hatumjui, tulikuwa abiria tu. Akafungua daftari. Dereva hajatuma hata shilingi. Alipigiwa simu mara ya kwanza akasema kesho, mara ya pili hakupokea, mara ya tatu namba haipatikani. Mzee alikuwa analipa kidogo kidogo, 2,000 leo, 3,000 wiki ijayo, kutoka kwenye kuziba pancha za baiskeli. Alikuwa amelipa 15,000. Zilibaki 20,000.

Tulikaa kimya pale kwenye benchi. Sukari ilikuwa imegeuka kitu kidogo sana ghafla.

Mwenzetu mmoja alitaka kumaliza deni pale pale. Nauli ya kurudi tulikuwa nayo, tungebana, tungetembea sehemu. Mama wa duka akafunga daftari. Alisema kwa upole lakini alisema: "Mkilipa bila yeye kujua, mtamfanya mtoto. Jina lililoandikwa ni lake. Mwulizeni."

Tulimkuta kwake, chini ya mwembe, mgongo umemshika. Alitutambua kwa dada yetu. Kitu cha kwanza aliuliza ni mtihani. Dada akasema nilifika, baba, lakini sikupita. Mzee akasema, "Ulifika," akaitikia kwa kichwa, na hakuongeza kitu. Sukari na sabuni alipokea kwa mikono miwili, akamwita mke wake aje aone.

Habari ya deni tuliitoa polepole. Akakunja uso. Alisema deni ni la dereva na dereva atalipa siku moja, na kama halipi ni shauri lake na Mungu wake. Pesa yetu hataki. Tulijaribu mara mbili, mara ya tatu mke wake akatuashiria tunyamaze. Kisha akatuuliza tumewahi kukata mpunga. Wawili wetu ni wa bonde la Ruzizi, mpunga ni wa kwao, wakacheka. Akasema shamba lake limeiva, mgongo hauinami, vibarua wanataka hela asiyokuwa nayo, na ndege wanamaliza. "Hela zenu sitaki," akasema. "Mikono sijakataa."

Basi ndiyo hizo picha. Tulirudi kwa mwenyekiti kumwambia tutalala, akaandika tena. Tulikata siku mbili. Unashika mashina kwa mkono wa kushoto, unakata chini na mundu ukiuvuta kwako, unalaza mafungu juu ya yaliyokatwa ili suke lisiguse maji. Watu wa Ruzizi walikuwa wanatuacha mbali, sisi wengine tulijikata vidole. Jioni tunapiga mafungu kwenye pipa lililolazwa juu ya turubai, punje zinaruka. Mzee alikaa kwenye kiti anatusahihisha na kutusimulia Mombasa na Malaba, anatucheka tukisema "aksanti" badala ya asante, na sisi tunamcheka anavyosema "lori" kama mtu anayetaja jina la ndugu. Tulipata magunia manne. Mpunga lazima ukauke kwanza, ukiukoboa mbichi punje zinavunjika na bei inashuka, kwa hiyo hatukungoja mwisho wake.

Wiki iliyofuata alitupigia, namba sasa tunayo. Gunia moja limeuzwa, daftari la mama limefungwa. Tulimuuliza kama dereva amewahi kutuma chochote. Akasema hapana, halafu akauliza kama ile teksi ilifika Mbale bila kelele, maana ule mkanda ulikuwa mrefu kidogo.

Tatizo ni kwamba siku tunaondoka, mke wake aliuchukua mfuko wetu wa sukari, ule ule, akaujaza mchele wa msimu uliopita akaturudishia. Kwao mfuko wa mgeni haurudi mtupu. Tulibisha, hatukusikilizwa. Mchele tumeshaula, ulikuwa mzuri sana, na mfuko umefuliwa, uko kwenye msumari nyuma ya mlango. Mpunga wa pili huko unaiva kuelekea mwisho wa mwaka. Wanaotaka kwenda waandike jina hapa chini. Nauli ni ya kujichangia, na mje na viatu vya mvua.